Nina maeneo kumi ya kutembelea kabla sijazeeka, nianze na lipi?

Ndugu mshauri, shikamoo.

Nina miaka 57, ni mtumishi wa halmashauri hapa Morogoro, na nitastaafu katikati ya 2029. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika kwenye daftari sehemu ninazotaka kufika, na sasa zimefika kumi: kilele cha Kilimanjaro, Hija, nyumbu wakivuka mto Mara Serengeti, sokwe wa Gombe, maua ya Kitulo, maporomoko ya Victoria, papa potwe wa Mafia, Kilwa Kisiwani, Lamu, na kumpeleka mama yangu Zanzibar. Mama ana miaka 79, bado anatembea mwenyewe, na hajawahi kuvuka bahari.

Nina presha, natumia dawa mbili na imetulia. Goti la kulia huniuma nikishuka ngazi. Picha ya eksirei ilionyesha limeanza kulika. Nina akiba ya shilingi milioni 4 na naweza kuweka 300,000 kila mwezi. Nimeambiwa Kilimanjaro kwa kundi la Watanzania ni milioni 1.8 kwa siku sita, na Hija haipungui milioni 15. Likizo yangu ni siku 28 kwa mwaka, na Juni hatupewi ruhusa kwa sababu ya kufunga hesabu.

Nilijaribu kuyapa maeneo alama kwa umri, afya, fedha na msimu, nikajumlisha. Kilwa ikawa ya kwanza na Kilimanjaro ya mwisho. Sikuridhika, ila sijui nimekosea wapi. Watoto wananiambia nisubiri mafao, nianze kuzunguka nikishastaafu. Naomba mnisaidie kupanga. Julai 2026.

Mama Salma, Morogoro

*

Marahaba, Mama Salma.

Hesabu zako ziko sawa; swali ulilojiuliza ndilo limekupotosha. Ulipima urahisi wa kufika. Kilwa ni tambarare, ni karibu, haina gharama kubwa na inafikika karibu mwaka mzima, kwa hiyo lazima ipate alama nyingi. Lakini sehemu iliyo rahisi leo itakuwa rahisi hata ukiwa na miaka 70, na hiyo ndiyo sababu ya kuiweka mwisho. Kasoro nyingine ni huko kujumlisha. Ukijumlisha, bei nafuu inafidia goti bovu kwenye karatasi, wakati mlimani hakuna fidia ya namna hiyo.

Chukua kila sehemu ujiulize: nikichelewa miaka mitano, nitapoteza nini? Jibu linalohusu mwili, wako au wa mtu unayetaka kwenda naye, ndilo linalopanga foleni. Msimu hauna kazi ya kuamua nani atangulie. Wenyewe unakupa mwezi wa kwenda tu. Fedha nazo zinakuonyesha lini uanze kuweka. Ukitenganisha kazi hizi tatu, daftari lako linajipanga upya.

Mama atangulie

Umri unaobana zaidi kwenye orodha hii si wako. Wewe ukichelewa miaka mitano utakuwa na 62. Mama atakuwa na 84. Kwa hiyo Zanzibar inakuwa ya kwanza, Oktoba hii hii, ingawa ni safari ambayo watu wengi huisukuma mbele kwa kuwa "ipo tu hapo".

Nimetaja Oktoba kwa sababu upepo wa kusi, unaochafua bahari hasa kati ya Juni na Agosti, unakuwa umepungua, na mvua za vuli kwa kawaida bado hazijashika. Pandeni boti ya asubuhi, kwani mchana upepo huongezeka. Mama asiwe na njaa wala asiwe ameshiba sana, na mkae katikati ya boti sehemu ya chini, ambako kuyumba ni kidogo. Mkifika, jambo la kuangalia kuliko yote ni chumba. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali na nyingi hazina lifti. Piga simu kabla ya kulipa, uulize kwa maneno haya: chumba cha chini kabisa kipo, na choo kiko humo humo? Siku nne zinatosha, na kwa watu wawili tenga 700,000.

Kilimanjaro ni sasa, au ni Horombo

Sehemu inayofuata ni ile uliyoiweka mwisho. Kilele kiko mita 5,895, ambako hewa unayovuta kwa kila pumzi ina kama nusu ya oksijeni ya pwani. Kwa mtu mwenye presha iliyotulia, hilo peke yake halimzuii. Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni goti, na hasa siku ya kushuka. Kwa njia ya Marangu unatoka kibanda cha Kibo, mita 4,720, karibu na saa sita usiku, unafika kileleni asubuhi, kisha siku hiyo hiyo unateremka hadi kibanda cha Horombo, mita 3,720. Hiyo ni kushuka mita 2,175 kwa mkupuo mmoja, tena ukiwa umechoka na hujalala. Goti linaloumia kwenye ngazi za ofisini litajulikana hapo.

Goti lililoanza kulika kwa kawaida halirudi lilivyokuwa, ila misuli ya paja inayolishikilia inaweza kuimarika ndani ya miezi michache. Muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo sasa, si Desemba. Na usijiulize kama unaweza, jipime. Bahati nzuri mlima wa kujipimia uko nyuma ya nyumba yenu. Mwezi Novemba panda Uluguru hadi Morningside na urudi mjini siku hiyo hiyo, ukiwa na fimbo mbili za kutembelea na mzigo mdogo mgongoni. Kesho yake rudia. Asubuhi ya siku ya tatu, simama juu ya ngazi na ushuke bila kushika ukuta. Kama goti halijavimba na unashuka vizuri, umefaulu. Kama limejaa, lina joto, au unashuka kwa upande kama kaa, basi kilele kifute kwa mwaka huu.

Ukishindwa, hilo halifuti mlima. Nenda Marangu hadi Horombo na kurudi kwa siku tatu. Utavuka msitu, utalala juu ya mawingu, na ukijaliwa anga safi utaviona vilele vya Kibo na Mawenzi. Gharama nayo inapungua.

Upande wa presha, pima nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, uandike, kisha mpelekee daktari karatasi hiyo pamoja na majina ya dawa zako. Mwambie mita ngapi na siku ngapi. Muulize kama unahitaji kipimo cha moyo cha kutembea kwenye mashine. Kuna familia za dawa za presha ambazo huzuia mapigo ya moyo kupanda, kwa hiyo mlimani utaishiwa nguvu mapema; nyingine hukojoza, na kule juu mwili tayari unapoteza maji mengi. Daktari anaweza kubadilisha au kurekebisha kipimo, lakini usijipunguzie mwenyewe.

Hapa kuna kosa ambalo watu wenye goti na presha hulifanya sana: kubeba diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hupandisha presha, na zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na upungufu wa maji zinaweza kuumiza figo. Muulize daktari kuhusu parasetamoli badala yake.

Mlimani, ukiumwa kichwa pamoja na kutapika usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, unashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa mwezi. Kilimanjaro ina vipindi viwili vya ukavu, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Watu wangekwambia Februari, lakini Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Kupanda huku umefunga, na dawa za presha zinataka maji, ni jambo la kutolijaribu. Kwa hiyo chagua wiki ya pili au ya tatu ya Januari 2027. Na muulize wakala kama siku sita hizo zina siku ya ziada ya kuzoea hewa pale Horombo. Kama anakupandisha haraka kisha anakushusha taratibu, siku zake hazikusaidii kitu.

Fedha: vibubu viwili

Hija haishindani na Mafia. Ni faradhi, na kama utaona tayari una uwezo wake, muulize sheikh wako kabla ya kufuata mpangilio wangu. Kwa hali uliyoeleza, fedha yake bado haijatimia. Ninachokushauri ni akaunti mbili zisizochanganyika. Gawa akiba yako leo, milioni 2 Hija na milioni 2 safari nyingine, kisha 150,000 kila upande kuanzia mshahara wa Agosti.

Upande wa safari unakwenda hivi. Milioni 2, toa 700,000 za Zanzibar, inabaki 1,300,000. Mishahara mitano ya Agosti hadi Desemba inaleta 750,000, jumla 2,050,000. Kilimanjaro ni 1,800,000, na weka 200,000 kwa basi, kukodi nguo za baridi na bahasha ya wapagazi na waongozaji. Unabaki na 50,000. Ni finyu, lakini inatosha bila kukopa. Ukibanwa, punguza siku moja ya Zanzibar. Usiguse akaunti ya Hija.

Upande wa Hija, hadi Desemba 2029 utakuwa umeweka miezi 41, yaani 6,150,000. Ukiongeza milioni 2 za mwanzo, una 8,150,000. Kumbuka kuwa baada ya kustaafu mshahara haupo, kwa hiyo ile miezi ya mwisho ya 2029 itatoka kwenye pensheni. Kilichobaki, karibu milioni 7, kitatoka kwenye mkupuo wa mafao. Mkupuo uuhesabu siku utakapouona kwenye akaunti, si siku ya barua ya kustaafu. Hapo ndipo ninapotofautiana na watoto wako: mafao yana kazi yake moja kubwa tayari, na ukisubiri hadi yaje ndipo uanze kila kitu, utakuwa na fedha na goti la miaka mitatu zaidi.

Nimeilenga Hija ya 2030 kwa sababu mbili. Kwanza, fedha. Pili, joto. Kalenda ya Hijria huitoa Hija nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni. Joto katika Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8 na watu zaidi ya 1,300 walifariki, wengi wao wakiwa wametembea juani bila vibali vinavyowapa mahema na usafiri. Mwaka 2030 itakuwa Aprili. Joto la Makka mwezi Aprili bado si la mchezo, lakini si lile la Juni. Nenda kwa wakala mwenye kibali tu, na chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti.

Utauliza, mbona nimeitanguliza Kilimanjaro wakati Hija nayo inataka miguu? Ni kweli inataka. Sai peke yake ni zaidi ya kilomita 3, achilia mbali tawafu na mwendo wa Mina. Lakini kwenye tawafu na sai kiti cha magurudumu kinaruhusiwa na kipo. Kutoka Kibo hadi kileleni hakuna mbadala wa miguu yako.

Gombe, kisha Kitulo

Gombe ni sehemu ya tatu inayodai miguu. Hifadhi ni ndogo lakini ni miteremko mitupu kutoka ziwani kwenda juu, na sokwe hawakusubiri njiani. Siku moja unawakuta ndani ya saa moja, siku nyingine unapanda nusu ya siku. Nenda Agosti 2027, kiangazi, njia zikiwa kavu. Hadi hapo akaunti ya safari itakuwa na 1,250,000 ukihesabu mshahara wa Agosti. Kutoka Kigoma unaingia kwa boti, barabara hakuna. Panga siku mbili za kuwatafuta. Ukipanga moja na mvua au bahati mbaya ikaichukua, umerudi mikono mitupu. Na ukiwa na mafua au kikohozi, utazuiwa kuwakaribia, kwa haki kabisa, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwaua. Wiki moja kabla ya safari jiepushe na mwenye mafua.

Kitulo inakwenda kinyume na hapo: miguu inatosha, msimu ndio mkali. Uwanda uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, unatembea tambarare, ila maua yapo wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Ukienda Agosti utaona nyasi kavu na baridi. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari, kwa hiyo nenda nusu ya kwanza ya Januari. Ukipanda kutokea Chimala utapita kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na mvua ikinyesha tope lake si la gari dogo. Tafuta gari la juu na usipande jioni. Mwombe mwongozaji akuonyeshe okidi za ardhini, kisha akueleze jinsi mizizi yake ilivyochimbwa kwa magunia kwenda kutengeneza chikanda, kitoweo cha Zambia. Ukielewa hilo ndipo utajua kwa nini uwanda wa maua ulihitaji kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Zinazoweza kusubiri

Mafia inasubiri vizuri kwa sababu majini goti halibebi uzito. Jaketi la kuokolea linatosha hata kama huogelei sana, ilimradi uzoee kupumua kwa mrija mahali pa kina kifupi kwanza. Potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari. Nakuwekea Novemba 2028. Boti ya kutokea Nyamisati inategemea maji kujaa na kupwa, basi usipange kurudi kazini kesho yake.

Serengeti unaiona ukiwa umekaa kwenye gari, kwa hiyo ninaipeleka baada ya Hija, Agosti au Septemba 2030, ukiwa huna bosi wa kumwomba ruhusa. Ruhusa ina maana hapa, kwa sababu nyumbu kuvuka Mara hakuna ratiba. Wanaweza kusimama ukingoni saa nne nzima kisha wakageuka. Anayekwenda siku moja mara nyingi huona vumbi. Panga siku tatu upande wa Kogatende, ambao ni mbali na lango la Naabi. Kiingilio cha raia ni kidogo. Kinachokula fedha ni gari na mafuta, basi tafuta wenzako watano wa kuchangia. Ikiwa fedha haitoshi, nenda Ndutu, upande wa kusini, mwezi Februari wakati nyumbu wanazaa. Huko unaona mengi kwa uhakika zaidi.

Victoria nayo ni baada ya kustaafu, Juni au Julai. Aprili na Mei maji ni mengi mno kiasi kwamba ukungu unayaficha na njia zinateleza. Oktoba na Novemba upande wa Zambia karibu unakauka. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Lamu haina magari mjini, ni ya kutembea taratibu, na utaifurahia hata ukiwa na 70.

Kilwa isiwe na tarehe. Iwe akiba yako ya mwaka wowote ambao safari nyingine imeharibika: Uluguru ikikukatalia Novemba, Gombe ukishikwa na mafua, fedha ikipungua. Wikendi ndefu moja inatosha, mashua unaipata Kilwa Masoko. Miezi ya kuikwepa ni Aprili na Mei, kwani masika huiharibu barabara ya kusini. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata kabisa, na magari yakalala njiani.